Deni la mwezi mzima na mteja asiye na nafasi: maneno ya kusema kwenye simu

Swali: *Nina kiwanda kidogo cha sabuni ya maji hapa Buhongwa. Mama mmoja mwenye duka Igombe alichukua kwangu madumu 54 ya lita 5, kila moja 9,000, kwa makubaliano ya kulipa ndani ya siku 30. Sasa siku hizo zimepita na mwezi mwingine umeisha. Nikimpigia anasema "niko na wateja, nitakupigia", na hapigi. Ni mteja wangu wa muda mrefu na amenizidi umri, sitaki kumvunjia heshima wala kumpoteza. Naomba unipangie maneno ya kumwambia.*

Jibu:

Maneno nitakupangia, mdogo wangu, tena neno kwa neno. Lakini kwanza nikwambie simu zako za mwanzo zimekwama wapi. Nadhani ulikuwa unauliza "mama, vipi ile hela?" Swali kama hilo mtu mwenye wateja watano mbele yake hulijibu kwa "nitakupigia", na akishakata anakuwa hajakuahidi kitu. Simu ya kudai lazima imalizike na vitu vitatu vilivyotoka kinywani mwake mwenyewe: siku gani, kiasi gani, na kwa njia gani. Usipovipata vyote, huna cha kumkumbusha wiki ijayo.

Jambo la pili ni kwamba hujui bado kwa nini hajalipa. Huenda hana hela. Huenda madumu mawili yalivuja na ameona aibu kukwambia. Huenda ankara ilipokelewa na kijana wa dukani ikapotelea chini ya mizani. Ukiingia na lawama kabla hujajua ni lipi kati ya hayo, unaweza kugombana na mtu ambaye ana hoja.

Kabla ya kupiga

Chukua karatasi uandike namba ya ankara, tarehe mzigo ulipofika, idadi ya madumu, jumla ya 486,000, na jina la aliyesaini kupokea. Kisha pitia ujumbe wa miamala kwenye simu zako zote kuanzia siku ulipopeleka mzigo. Wenye maduka hutuma kwa laini ya mtoto au ya wakala wa jirani, na jina linalotokea si lao. Ukimdai mtu hela ambayo tayari imekufikia, utahangaika miezi kurudisha heshima yako.

Andika pia mipaka yako: kiasi kidogo kabisa utakachokubali kwa mara ya kwanza, na tarehe ya mbali kabisa ambayo hutaivuka. Mipaka hiyo ikae kwenye karatasi kabla hujasikia sauti yake, kwa sababu ukishasikia "mwanangu, nivumilie" utakubali chochote.

Sasa suala la muda, na hapa naomba utulie kidogo, kwa sababu Igombe ni mwalo wa wavuvi, si katikati ya jiji la Mwanza kama Makoroboi. Duka la Igombe linaishi kwa hela ya dagaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazifanyi kazi vizuri, mitumbwi inakaa mwaloni na wavuvi wanakopa dukani. Giza likirudi, dagaa wanauzwa, na wale waliokopa wanaanza kulipa. Kwa hiyo hela ya mama huyu inakuja na kuondoka na mwezi wa angani, haifuati tarehe za mishahara.

Tazama sasa ankara yako ya siku 30. Kutoka mbalamwezi moja hadi nyingine ni siku 29 na nusu. Maana yake, ukipeleka mzigo wakati wa mbalamwezi, siku ya kulipa itaangukia mbalamwezi, na ukisubiri mwezi mwingine ndipo upige, unapiga mbalamwezi tena. Kila unapomtafuta droo imekauka. Angalia kumbukumbu zako ulipeleka mzigo wakati gani. Kama ndivyo ilivyokuwa, omba fungu dogo sasa na fungu kubwa wiki mbili mbele, giza likiwa limekolea. Na baadaye, ukipeleka mzigo kwa maduka ya mwaloni wakati wa mbalamwezi, ankara ziandike siku 14 au 45, zisiwe 30.

Kwa saa, epuka asubuhi na jioni. Piga kati ya saa nane na saa tisa na nusu mchana, wakati dukani pametulia. Ijumaa mchana iache kama ni Mwislamu, na Jumapili iache kwa mtu yeyote. Ningechagua Jumanne.

Asubuhi ya siku hiyo tuma ujumbe huu:

*Shikamoo mama. Ni mimi wa sabuni ya maji, Buhongwa. Nitakupigia leo saa nane na nusu mchana tuongee dakika tatu kuhusu ankara namba 047. Kama saa hiyo si nzuri niambie ipi inakufaa. Kazi njema.*

Usiandike kiasi cha deni kwenye ujumbe huu. Simu za dukani husomwa na kila mtu.

Simu yenyewe

Nimeweka tarehe za mfano: leo ni Jumanne tarehe 6, mbalamwezi bado kali. Majibu ya mama ni yale ninayoyasikia mara nyingi.

Wewe: Shikamoo mama.

Mama: Marahaba baba, hujambo?

Wewe: Sijambo mama, pole na kazi. Habari za nyumbani?

Mama: Nzuri tu.

Wewe: Namshukuru Mungu. Mama, ni mimi wa sabuni, nilikuandikia asubuhi. Naomba dakika zako tatu. Kama kuna mteja, mhudumie kwanza, mimi nasubiri hewani.

Mama: Haya, sema baba.

Wewe: Nina ankara namba 047, madumu 54, jumla laki nne na themanini na sita elfu. Muda wake uliisha mwezi uliopita. Kabla sijaendelea naomba nikuulize: mzigo ulifika sawa? Hakuna dumu lililovuja, au hesabu inayotofautiana na ya kwako?

Mama: Mzigo hauna shida. Hali tu ndiyo ngumu, watu hawana hela.

Wewe: Pole sana mama, mbalamwezi hii najua mwaloni pamelala. Basi hesabu yetu ni moja, laki nne na themanini na sita elfu. Kwa hali ilivyo sasa, unaweza kuanza kunilipa siku gani, na siku hiyo kiasi gani?

*(Hapo nyamaza. Hata kimya kikiwa kirefu, usikijaze.)*

Mama: Nitakutumia wiki hii hii.

Wewe: Ahsante mama. Niandike Alhamisi au Ijumaa?

Mama: Ijumaa. Lakini siwezi yote.

Wewe: Nimekuelewa. Ijumaa utaweza kiasi gani?

Mama: Labda laki moja.

Wewe: Mama, naomba unisaidie ifike laki moja na nusu, Jumamosi nanunua malighafi. Zinazobaki, laki tatu na thelathini na sita elfu, tuziweke siku gani giza likiingia?

Mama: Weka tarehe 23, nitakuwa nimekusanya.

Wewe: Nimeandika. Ijumaa tarehe 9, laki moja na nusu. Ijumaa tarehe 23, laki tatu na thelathini na sita elfu. Utatuma kwa namba hii ninayokupigia?

Mama: Hiyo hiyo.

Wewe: Gharama ya kutuma iwe kwako, ya kutolea nitabeba mimi. Nakutumia sasa hivi ujumbe wenye haya tuliyokubaliana, naomba unijibu "sawa" tu. Ahsante sana mama, uuze vizuri.

Kama nyote ni Wasukuma, fungua kwa "mwadila mayu", ina joto lake. Lakini hesabu na tarehe ziseme kwa Kiswahili polepole, halafu zirudie.

Angalia jinsi mazungumzo hayo yalivyojengwa. Swali la mzigo linakuja kabla ya swali la hela kwa makusudi. Linamfungulia mlango kama ana malalamiko, na kama hana, amekiri mwenyewe kwamba mzigo ni mzima, hivyo wiki ijayo hawezi kuzua dumu lililovuja. Kisha huulizi "utalipa?", kwa kuwa jibu lake siku zote ni ndiyo. Unauliza siku gani na kiasi gani. Akijibu "wiki hii", unabana kwa kumpa siku mbili achague. Akisema "labda", unaweka tarakimu.

Kile kimya baada ya swali kuu ndicho kigumu kuliko vyote kwa kijana mwenye adabu. Utatamani kusema "au hata wiki ijayo sio mbaya mama". Ukisema hivyo umeshampa wiki ijayo bure, na pengine alikuwa anahesabu kichwani atoe kesho.

Sababu ya malighafi itaje kama ni ya kweli tu. Usimwambie mtoto anaumwa wakati ni mzima. Igombe na Buhongwa haziko mbali kiasi hicho. Na usiombe radhi kwa kudai. "Samahani mama kwa kukusumbua" ikitajwa mara tatu inamfundisha kwamba deni lako ni usumbufu kwake.

Akijibu vingine

*"Niko na wateja, nitakupigia."* Usiseme sawa ukakata. Sema: "Wahudumie mama, wateja kwanza. Nikupigie leo saa kumi kasorobo au kesho saa nane mchana?" Akichagua, piga dakika ile ile aliyoitaja. Ukichelewa nusu saa, na yeye ataona ana haki ya kuchelewa.

*Akipokea kijana wa dukani.* Usimtajie deni wala kiasi. "Naomba umwambie mama ni mtu wa sabuni, nitapiga saa tisa" inatosha. Mwenye duka akijua vijana wake wamesikia anadaiwa, hatakusamehe, na heshima yake mbele yao ni sehemu ya biashara yake. Vivyo hivyo usimpigie mume wake, usiandike kwenye kundi la Wasapu, wala usiweke fumbo kwenye status ili alione.

*"Madumu yako mengine yalivuja."* Hapa usibishe. Uliza mangapi, na kama bado anayo. Tuseme anasema sita. Hayo ni 54,000. Mwambie: "Mama, hayo sita nitakuja kuyaangalia Alhamisi na tutayamaliza. Haya 48 ambayo hayana shida ni laki nne na thelathini na mbili elfu. Tupange hayo kwanza." Umetenganisha yenye ubishi na yasiyo na ubishi, na madumu sita hayazuii tena malipo ya arobaini na nane. Alhamisi nenda kweli.

*"Hela yote iko kwenye floti."* Wengi wenye maduka ya mwaloni ni mawakala wa fedha kwa simu, na hili huwa ni kweli. Floti ni mtaji wake wa uwakala. Ukimlazimisha aiguse, jioni atashindwa kuhudumia watu na duka litapoteza. Jibu: "Naelewa mama, floti usiiguse. Katika mauzo ya dukani peke yake, unaweza kunitengea kiasi gani kila siku mpaka Ijumaa?" Elfu arobaini kwa siku, Jumanne hadi Ijumaa, ni 160,000. Akiihesabu hivyo mwenyewe huiona inawezekana.

*"Niletee mzigo mwingine, nitalipa vyote pamoja."* Hili ndilo linalowamaliza wazalishaji wadogo, kwa sababu linakuja na tabasamu na linafanana na biashara nzuri. Fanya hesabu. Anadaiwa 486,000. Analipa 150,000 na kuchukua madumu 30 mapya, yaani 270,000. Jioni umeshika hela na unajisikia umefanikiwa, lakini deni limekuwa 606,000. Mwezi ujao mchezo ni ule ule, na siku moja utakosa hela ya kununulia malighafi huku una "mteja mkubwa".

Usimkatalie mzigo, ila uufunge kwenye malipo. "Mama, sabuni ipo na nataka uuze. Ijumaa ukinitumia laki moja na nusu, Jumamosi nakuletea madumu kumi. Tukishamaliza ile tarehe 23 tunarudi kwenye utaratibu wetu wa zamani." Madumu kumi ni 90,000, hivyo deni linashuka hadi 426,000 na rafu yake haikai tupu. Kanuni ninayoishika ni kwamba mzigo mpya wa mkopo usifikie kiasi alicholipa siku ile. Akitaka zaidi ya hapo, alipe taslimu hayo ya ziada. Na uyaandikie hayo kumi ankara yake, yenye namba na tarehe yake ya kulipa, ili yasichanganyike na 047.

Baada ya kukata simu

Ndani ya dakika tano, kabla hajarudi kwenye mizani na kusahau, tuma:

*Ahsante mama kwa muda wako. Tumekubaliana kuhusu ankara 047 ya sh. 486,000: Ijumaa tarehe 9 sh. 150,000, na Ijumaa tarehe 23 sh. 336,000, kwa namba hii. Tafadhali nijibu "sawa".*

Safari hii kiasi unakitaja, kwa sababu mnaandikiana makubaliano. Kama simu yake inashikwa na watu dukani, muulize mnapoongea atumiwe kwa namba ipi.

Ile "sawa" yake itunze, usiifute. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ujumbe wa namna hiyo kuwa ushahidi. Madai ya mkataba yana miaka 6 kabla hayajapitwa na muda kisheria, kwa hiyo huna haja ya kumtisha kwa mahakama leo wala mwezi ujao. Unatunza karatasi zako tu. Asipojibu "sawa" hadi jioni, tuma tena mara moja: "Mama, naomba tu unithibitishie ujumbe wa mchana." Asiyekataa tarehe kwenye simu lakini hataki kuiandika, mara nyingi hana uhakika nayo. Hapo panga kumtembelea.

Alhamisi jioni mkumbushe kwa ujumbe mfupi usio na lawama: "Mama, habari za jioni. Kesho ndiyo Ijumaa yetu ya 150,000. Ubarikiwe." Ikifika Ijumaa jioni hujapata kitu, usipige usiku. Jumamosi saa nne asubuhi, katika saa hii moja ambayo kwa kawaida ningekukataza, piga na useme machache:

"Shikamoo mama. Jana ilikuwa siku yetu ya laki moja na nusu na sijaiona. Kuna lililotokea?" Msikilize. Kisha: "Leo kabla ya saa kumi unaweza kutuma kiasi gani katika hiyo?" Hata elfu hamsini ichukue, uandike iliyobaki, umpe tarehe mpya moja. Na kama ulimwahidi mzigo wa Jumamosi, unabaki Buhongwa. Usimwambie kwa hasira. Mwambie utauleta siku ambayo kiasi kile kitakamilika.

Ahadi ikivunjika mara ya pili, simu imefika mwisho wake. Panda gari uende Igombe, saa ile ile ya mchana, bila mtu wa kukusindikiza. Nunua hata soda, keti pembeni, uongee naye wakati hakuna mteja. Mengi utayaona kwa macho: rafu zikiwa tupu, hana hela kweli, na mpango wa elfu thelathini kila wiki ndio utakaokulipa. Rafu zikiwa zimejaa mzigo mpya wa watu wengine, basi anazo, ila wewe uko nyuma ya foleni yake, na hapo ndipo unampa barua ya madai yenye tarehe ya mwisho, nakala moja aisaini. Baada ya barua hiyo kuna Mahakama ya Mwanzo, lakini kwa mama wa kawaida anayeuza mwaloni sijaona mara nyingi inafika huko.

Ile 150,000 ikiingia, mjibu ndani ya saa hiyo hiyo: "Nimepokea 150,000 mama, ahsante sana. Salio la ankara 047 ni 336,000, Ijumaa tarehe 23." Ukimaliza kupokea yote, mpelekee risiti na ankara yenyewe iliyoandikwa "imelipwa" mkononi, siku utakayompelekea mzigo unaofuata.